Acha Kiwango cha Tangi Kipande na Kushuka

Kwenye chumba cha udhibiti cha kiwanda cha sukari, skrini ya tangi la juisi ghafi huwa na mistari miwili inayostahili kutazamwa pamoja. Mmoja ni kiwango cha juisi ndani ya tangi. Mwingine ni mtiririko wa juisi inayosukumwa na pampu kutoka tangini kwenda kwenye mitambo inayofuata. Mara nyingi mstari wa kwanza umenyooka kwenye asilimia 50 tangu zamu inaanza hadi inaisha, na waliopo zamu huhesabu hilo kuwa kazi nzuri. Mstari wa pili, wakati huohuo, una meno ya msumeno: unapanda, unashuka, unapanda tena kila baada ya dakika chache.

Mistari hiyo miwili inaeleza jambo moja. Msukosuko ulioingia tangini umetoka vilevile ulivyoingia, na tangi lililojengwa kwa gharama kubwa ili liupunguze limegeuzwa kuwa kipande cha bomba.

Hitilafu hii haitokani na kuchakaa kwa mtambo. Pampu ni nzima, sensa inasoma sawasawa, kidhibiti kinatii kila kilichoamriwa. Tatizo ni amri yenyewe: kidhibiti kimeambiwa kishikilie kiwango kwa nguvu zote, na kinafanya hivyo.

Ili kuona hasara inatoka wapi, tufuate juisi kuanzia kwenye vinu. Chukua kiwanda cha mfano kinachokamua tani 100 za miwa kwa saa, ukubwa wa kawaida kwa viwanda vya ukanda wa Afrika Mashariki. Miwa hukatwakatwa, hupita kwenye safu ya vinu, na kwenye vinu vya mwisho humwagiwa maji ili sukari iliyobaki kwenye makapi isitupwe. Kinachotoka ni juisi ghafi, kwa uzito unaokaribia uzito wa miwa yenyewe. Kwa hiyo kiwanda chetu kinapata takriban mita za ujazo 100 za juisi kila saa.

Hizo 100 ni wastani tu. Miwa haiji kwa mpangilio mmoja. Lori likimwaga shehena, mkanda unajaa. Kabla ya lori jingine kufika, mkanda unakuwa mwepesi. Kinu kinasakamwa na miwa na kupunguzwa mwendo. Valvu ya maji ya kukamulia inafunguliwa zaidi, kisha inarudishwa. Chujio la juisi linaziba na kuoshwa. Na pale ambapo juisi bado inapimwa kwa mizani ya kujaza na kumwaga, inafika tangini kwa mafungu, tani kadhaa kwa mkupuo, kisha kimya, kisha mkupuo mwingine. Tuseme basi kwamba mtiririko unaoingia unacheza kati ya 70 na 130, na kwamba kila dakika 10 unakamilisha mzunguko mmoja wa kupanda na kushuka.

Mitambo inayoipokea juisi hiyo haiwezi kuvumilia mchezo wa namna hiyo.

Kwanza juisi huwekwa maziwa ya chokaa ili asidi yake ipungue. Dozi ya chokaa hufuata mtiririko, lakini pampu ya chokaa na kipimo cha pH huchelewa kidogo, hivyo mtiririko ukiruka, kwa dakika moja au mbili juisi hupata chokaa pungufu au ya kupita kiasi. Ikipungua, sukari huanza kuvunjika kwenye joto. Ikizidi, rangi ya juisi huharibika. Halafu juisi hupita kwenye hita na kupashwa moto kupita kidogo kiwango chake cha kuchemka, nyuzi 102 hadi 105 za Selsiasi. Hapo ndipo hewa iliyonaswa ndani yake hutoka kwa nguvu inapofika kwenye chombo kilicho wazi. Mtiririko ukiruka ghafla, juisi hupita hita upesi na kutoka ikiwa haijafika joto hilo. Hewa hubaki. Vinyuzi vidogo vya makapi hujishika kwenye viputo vya hewa na kuelea, badala ya kuzama.

Na kuzama ndiko kunakotakiwa, kwa sababu hatua inayofuata ni tangi kubwa la kutuamisha, ambamo tope hushuka chini na juisi safi huchotwa juu. Tope hilo ni jepesi sana. Mkupuo wa juisi ukiingia kwa kasi, tope hunyanyuka na kufurika pamoja na juisi safi, na kulituliza tena huchukua muda mrefu kuliko mkupuo wenyewe.

Mwisho kuna vyombo vya kuvukizia, ambavyo huigeuza juisi nyepesi kuwa sirapu. Kutoka tani 100 za juisi yenye asilimia 14 ya vitu vilivyoyeyuka, hadi sirapu ya asilimia 63, ni lazima tani 78 hivi za maji zivukizwe kila saa. Mvuke wa kazi hiyo hutoka kwenye boila zinazochoma makapi ya miwa, mafuta yasiyobadilika kasi upesi. Juisi ikizidi, sirapu hutoka nyepesi, na kazi iliyobaki huangukia pani za kupikia sukari, ambazo hutumia mvuke mwingi zaidi kwa kila tani ya maji. Juisi ikipungua, sirapu huwa nzito na magamba hujishika kwenye mirija. Presha ya mvuke huyumba, wapishi wa sukari hulalamika, na kila mtu hutafuta chanzo mahali anapofanya kazi yeye. Si rahisi kwa mtu aliyesimama kwenye pani kushuku tangi lililoko mwanzo wa kiwanda, tena lile lenye mstari ulionyooka kuliko yote.

Tangi la juisi ghafi lipo ili kusimama katikati ya pande hizi mbili. Tuseme lina ujazo wa mita 40 na pampu yake inaweza kutoa kuanzia sifuri hadi mita za ujazo 160 kwa saa. Anayejua simtanki la nyumbani anajua kazi ya tangi hili: maji ya mtaani huja kwa kukatikakatika, bomba la jikoni hutoka bila kukatika, na tofauti ya hayo mawili humezwa na kupanda na kushuka kwa maji ndani ya simtanki. Hakuna anayepanda juu ya paa kuhakikisha kwamba maji yako nusu saa zote. Kiwango kikikatazwa kucheza, mtiririko ndio utakaocheza, kwa sababu juisi iliyoingia haina pengine pa kwenda: ama inabaki tangini, ama inatoka.

Sasa hesabu. Kidhibiti cha kiwango kina tarakimu moja muhimu kuliko zote, ambayo tutaiita nguvu yake. Ikiwa nguvu ni 1, kiwango kikipanda kwa asilimia 1 ya tangi, pampu inaongezwa asilimia 1 ya uwezo wake. Ikiwa nguvu ni 10, kiwango kikipanda kwa asilimia 1, pampu inaongezwa asilimia 10. Nguvu ya 10 ndiyo hushikilia kiwango kwa mkono wa chuma. Nguvu ya 1 humwachia nafasi.

Kwa nguvu ya 1, tangi letu lina muda wa kuitikia wa dakika 15. Hesabu yake ni nyepesi: gawa ujazo wa 40 kwa uwezo wa pampu wa 160 kwa saa, unapata robo saa. Kwa nguvu ya 10 muda huo unagawanywa kwa 10 na kuwa dakika moja na nusu. Msukosuko wowote wenye mzunguko mfupi kuliko muda huu wa kuitikia unamezwa karibu wote. Wenye mzunguko mrefu zaidi unapita.

Tuingize msukosuko wetu wa 30 juu na 30 chini, kila dakika 10. Kwa nguvu ya 10, mtiririko unaotoka unacheza kwa karibu 22 juu na 22 chini. Karibu robo tatu ya fujo imepita. Kwa nguvu ya 1, unaotoka unacheza kwa zaidi kidogo ya 3. Hita, chokaa, tope na vyombo vya kuvukizia vinaona sehemu moja tu kati ya saba ya msukosuko ambao vingeuona.

Je, kiwango kimelipa gharama gani kwa utulivu huo? Hili ndilo linalowashangaza wengi wanapopiga hesabu mara ya kwanza. Kwa nguvu ya 10, kiwango kinacheza kwa asilimia 1.4 juu na chini. Kwa nguvu ya 1, kinacheza kwa asilimia 2. Basi. Tofauti ni ya nusu asilimia na ushei, sentimita chache kwenye tangi lenye kimo cha mita nne. Sababu ni kwamba msukosuko wa dakika 10 ni mfupi mno kwa tangi la ukubwa huu: hata pampu ingeachwa iende kwa mwendo mmoja bila kuguswa, juisi inayozidi katika nusu ya kwanza ya mzunguko isingezidi mita moja na nusu ya ujazo na ushei, na nusu ya pili ingeiondoa yote. Kidhibiti kikali kilikuwa kinapigana na adui ambaye angeondoka mwenyewe, na kila pigo lilikuwa linaangukia mitambo ya mbele.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kinu kinasimama. Kipande cha chuma kimeonekana kwenye miwa, au mkanda umekatika, na kwa dakika 20 hakuna juisi inayoingia kabisa.

Kidhibiti chenye nguvu ya 10 kilikuwa kimeshikilia tangi kwenye asilimia 50, yaani mita za ujazo 20. Kiwango kinaanza kushuka, na kidhibiti kinafanya kilichofundishwa: kinaizuia pampu. Baada ya dakika 5 mtiririko umeshuka kutoka 100 hadi chini ya 4. Vyombo vya kuvukizia vimekauka, mvuke hauna kazi, boila zinapaswa kupunguzwa moto ghafla. Na ndani ya tangi? Zimetumika mita za ujazo 2.5 tu. Mita 17.5 zilizobaki, lita 17,500 za juisi, zimelala palepale zikilindwa na kidhibiti, huku mitambo iliyojengewa hifadhi hiyo ikiwa na njaa.

Kidhibiti chenye nguvu ya 1 kinaingia kwenye tukio hilohilo kikiwa na mita za ujazo 25, kwa sababu ambayo tutaiona punde. Kinapunguza pampu taratibu. Baada ya dakika 5 bado kinatoa zaidi ya 70. Baada ya dakika 10, zaidi ya 50. Kinu kinaporudi kazini dakika ya 20, mitambo ya mbele bado inapata 26, na tangi lina mita za ujazo zaidi ya 6. Watu wa boila wamepata robo saa ya kupunguza moto kwa utaratibu, na vyombo vya kuvukizia havikukauka. Opereta anayejua kwamba kinu kitachelewa anaweza hata kuchukua usukani na kuishusha pampu mapema zaidi, ili akiba imfikishe mbali.

Kama mambo ni wazi hivi, kwa nini nguvu ya 10 inakutwa viwandani? Sehemu ya jibu iko kwenye mafunzo. Mwaka 1942 John Ziegler na Nathaniel Nichols, wakiwa kampuni ya Taylor Instrument huko Rochester, Marekani, walichapisha kanuni za kurekebisha vidhibiti ambazo hadi leo hufundishwa vyuoni. Kanuni hizo zinatafuta mpangilio unaorudisha kipimo kwenye lengo upesi, na kwa joto la hita ni mwanzo mzuri. Lakini zinadhani kwamba kila kupotoka kutoka kwenye lengo ni kosa. Kwa tangi la akiba, kupotoka ndiyo kazi. Page Buckley, mhandisi wa kampuni ya Du Pont, aliliweka jambo hili sawa katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu udhibiti wa mitambo: alitenganisha vidhibiti vinavyolinda ubora wa bidhaa, ambavyo viende haraka, na vile vinavyosawazisha kinachoingia na kinachotoka, ambavyo viende polepole na kulainisha mtiririko kutoka mwisho mmoja wa kiwanda hadi mwingine.

Sehemu nyingine ya jibu ni hofu ya kufurika. Juisi ikimwagika sakafuni, kila mtu anaiona na kuna wa kuulizwa. Mvuke uliopotea kwa sababu ya kuyumba hauonekani na hauna mwenyewe. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake siyo nguvu ya 10. Tazama tena nguvu ya 1 ikiwekwa kwa namna rahisi kuliko zote: tangi likiwa tupu, pampu inasimama, likiwa nusu, pampu inakwenda nusu ya uwezo, likijaa, pampu inakwenda uwezo wote. Ndiyo maana kwa mtiririko wa 100 kati ya 160 tangi lilikaa kwenye asilimia 62.5, zile mita 25. Kwa mpangilio huo, madhali kinachoingia hakizidi 160, tangi haliwezi kufurika wala kukauka. Ulinzi umo ndani ya mpangilio wenyewe. Anayetaka nafasi ya tahadhari juu na chini huweka nguvu ya 2, ambapo pampu husimama tangi likifika robo na hufika mwendo wa mwisho tangi likiwa robo tatu. Anapoteza nusu ya muda wa kuitikia, lakini bado yuko mbali sana na 10.

Sehemu ya tatu ya jibu ni mtego, na umewanasa watu makini.

Vidhibiti vingi vina kipengele cha pili kando ya ile nguvu. Kipengele hiki hujumlisha kupotoka kwa muda wote na kuendelea kuisukuma pampu hadi kiwango kirudi sawasawa kwenye lengo. Kwenye skrini hukaa kwenye herufi I ya PI, na huwekwa kwa dakika: dakika chache maana yake kinasukuma kwa haraka. Bila kipengele hiki, tangi linakaa popote mtiririko unapolipeleka, 62.5 leo, 70 kesho. Hilo huwakera watu wanaopenda kuona 50, kwa hiyo hukiwasha.

Fikiri kinu kimeongezwa mwendo na juisi imepanda kutoka 100 hadi 120 moja kwa moja. Tangi linapanda kidogo kabla pampu haijafika 120. Sasa ili kiwango kirudi kwenye 50, ile juisi ya ziada lazima itolewe, na haiwezi kutolewa bila pampu kupita 120 kwa muda. Hakuna urekebishaji unaokwepa hilo. Kila tangi lenye kipengele hiki huongeza kitu juu ya mabadiliko yanayoingia, angalau kwa mawimbi ya polepole. Hata likirekebishwa vizuri, wimbi baya kuliko yote hutoka likiwa limekua kwa asilimia 15 hivi. Weka matangi matano ya namna hiyo mfululizo, yote na mpangilio uleule, na wimbi la mwanzo linatoka mwishoni likiwa mara mbili.

Mtego wenyewe ni huu. Fundi ameambiwa kwamba nguvu ya 10 ni kali mno. Anaishusha hadi 1, na anaacha kipengele cha pili kwenye dakika 5 kama alivyokikuta. Tangi linaanza kuyumba: kiwango kinapanda na kushuka kwa mawimbi marefu, karibu saa nzima kwa kila wimbi. Vyuoni alijifunza kwamba mtambo unaoyumba unapunguziwa nguvu, hivyo anashusha hadi 0.5. Mawimbi yanakuwa marefu zaidi na hayaishi. Anapandisha nguvu hadi 5, mawimbi yanapungua. Hadi 10, yanatulia. Anahitimisha kwamba tangi hili linapenda nguvu kubwa, na mstari ulionyooka unarudi pamoja na meno ya msumeno kwenye pampu.

Alichokosa ni kujua kwamba tangi linatofautiana na hita. Tangi lenyewe tayari linajumlisha: kila lita iliyozidi hubaki humo mpaka itolewe. Ukiweka kijumlishi kingine juu ya kijumlishi, kinachozuia kuyumba ni ile nguvu peke yake. Ukiipunguza, lazima upunguze haraka ya kipengele cha pili kwa kiasi kilekile. Kanuni ya kushika ni kwamba dakika za kipengele cha pili zisiwe chini ya mara nne ya muda wa kuitikia. Kwa nguvu ya 1 muda ulikuwa dakika 15, kwa hiyo kipengele cha pili kiwe dakika 60 au zaidi. Kwa nguvu ya 10 muda ulikuwa dakika 1.5, na dakika 5 zilikuwa karibu na 6 zinazotakiwa. Ndiyo maana palitulia. Ukiwa na nguvu ya 1 na dakika 5, wimbi la takriban saa moja linaloingia tangini linatoka likiwa kubwa maradufu. Tangi la kupunguza msukosuko limekuwa la kuukuza.

Dalili za kutofautisha hali hizi zinaonekana kwenye skrini bila kifaa cha ziada. Kiwango kimenyooka na mtiririko una meno: nguvu ni kubwa mno. Kiwango na mtiririko vyote vina mawimbi laini, marefu, yanayofanana kwa muda, hata wakati vinu vinakwenda vizuri: kipengele cha pili kina haraka mno kwa nguvu iliyopo. Kiwango kinatangatanga kati ya asilimia 30 na 80 na mtiririko ni mstari mlaini unaopinda polepole: hapo tangi liko kazini. Ikiwa mawimbi yanabaki hata kidhibiti kikiwekwa kwa mkono, chanzo kiko nyuma, kwenye vinu au mizani.

Si kila chombo chenye kiwango kinastahili kuachiwa. Dramu ya boila haiachiwi hata kidogo: maji yakishuka mirija inaungua, yakipanda maji huingia kwenye bomba la mvuke na kuharibu tabo. Ndani ya vyombo vya kuvukizia vya aina ya kawaida, juisi huchemka vizuri inapokuwa karibu theluthi moja ya urefu wa mirija. Ikipanda au kushuka, upitishaji wa joto unapungua. Hapo kidhibiti kiwe kikali. Swali la kuuliza mbele ya kila chombo ni kama kiwango chenyewe kinaathiri kazi inayofanyika ndani. Kwenye tangi la juisi ghafi hakuna kinachofanyika ndani zaidi ya kusubiri, na hata kusubiri huko kuna kikomo: juisi ghafi ni chakula cha bakteria, hivyo tangi haliwezi kuwa kubwa kiasi cha kumaliza tatizo lote kwa ujazo. Mita 40 zilizopo ndizo za kutumiwa, zote.

Anayetaka kuubadilisha mpangilio kiwandani huanza na kipimo. Juisi ghafi hutoa povu zito, na sensa ya mawimbi ya sauti iliyowekwa juu ya tangi husoma povu badala ya juisi. Kipimo cha presha kilichofungwa chini ya tangi hakidanganywi kirahisi hivyo. Kisha kidhibiti cha kiwango kisipewe pampu moja kwa moja. Pampu ya juisi ikipunguzwa kasi sana na inveta, hufika mahali haiwezi tena kuinua juisi hata kama mota inazunguka, kwa hiyo asilimia 30 ya kasi si asilimia 30 ya mtiririko. Njia nzuri ni kidhibiti cha kiwango kutoa lengo la mtiririko, na kidhibiti cha pili, cha haraka, kuisimamia pampu ifike lengo hilo kwa kufuata mita ya mtiririko.

Baada ya hapo nguvu inashushwa kwa hatua, 10 hadi 5, 5 hadi 2, na kila hatua inaachwa kwa zamu kadhaa ili waliopo wazoee kuona kiwango kikitembea. Kipengele cha pili huongezwa dakika kwa uwiano uleule, au huzimwa kabisa. Kengele za tahadhari, ambazo zilikuwa asilimia 45 na 55, husogezwa hadi 15 na 90. Zikiachwa zilipokuwa zitalia usiku kucha, na kabla ya mapambazuko mtu atakuwa amerudisha nguvu ya 10. Juu ya hayo yote huwekwa ulinzi unaojitegemea: tangi likifika asilimia 95, pampu inapelekwa mwendo wa mwisho na opereta wa vinu anapewa ishara ya kupunguza miwa.

Kilichobaki ni mawasiliano kati ya vinu na chumba cha udhibiti. Kinu kinaposimamishwa kwa ratiba, kwa mfano kuoshwa, opereta aliyearifiwa nusu saa kabla hupunguza mtiririko unaotoka kidogo kidogo na kuliacha tangi lipande hadi asilimia 85. Hizo ni mita za ujazo 34. Kwa mtiririko wa 60 zinatosha dakika 34, na boila huwa zimekwisha kupunguzwa moto kabla ya kinu kusimama.